Nguruwe mwitu ndani ya New York: jinsi miji inavyopata majina

Mwaka 1664 meli za kivita za Waingereza zilitia nanga mbele ya mji mdogo wa Waholanzi katika pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini, na mji ukasalimu amri bila risasi kufyatuliwa. Waholanzi walikuwa wameuita Amsterdam Mpya. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alikuwa ameshamgawia eneo hilo mdogo wake, James, aliyekuwa na cheo cha Duki wa York. Mji ukabadilishiwa jina ukawa New York, yaani York Mpya. Waholanzi waliuteka tena mwaka 1673 wakaupa jina la tatu, Orange Mpya, kwa heshima ya ukoo mashuhuri wa kwao, lakini mwaka uliofuata walilazimika kuurudisha kwa mkataba, na jina la Duki likarudi.

James hakuuanzisha mji huo. Alipewa tu. Cheo chake nacho kilitokana na mji mwingine, York wa kaskazini mwa Uingereza, kwa hiyo anayetaka kujua maana ya jina New York hana budi kuvuka bahari na kuchimba huko. Akichimba, atakuta matabaka.

Warumi walijenga ngome mahali hapo mnamo mwaka 71 wakapaita Eboracum. Neno hilo si la Kilatini. Ni la wenyeji wa kisiwa kile, na Warumi walilibandika tu mwisho wa Kilatini. Wataalamu wengi wanalisoma kuwa ni mahali penye aina fulani ya miti ya porini yenye majani membamba kama sindano. Utawala wa Kirumi ulipokwisha, wakaja wahamiaji wa Kijerumani, ambao lugha ya wenyeji haikuwaingia akilini. Waliposikia Ebor, masikio yao yalipata neno lao wenyewe, eofor, yaani nguruwe mwitu. Wakaongeza wic, neno lao la makazi au mahali pa biashara, na mji wa miti ukawa Eoforwic, mji wa nguruwe mwitu. Mwaka 866 Waviking wa Denmaki wakauteka. Nao walilitamka jina hilo kwa namna ya kwao, Jórvík, na kwa karne kadhaa ndimi za watu zikalikata na kulifupisha hadi likabaki York.

Kwa hiyo New York ina jina la mtu mwenye mamlaka, lililotokana na jina la mji, lililotokana na kelele za nguruwe ambaye hakuwahi kuwepo, lililotokana na miti. Kila tabaka ni la kweli kwa watu wa wakati wake. Mtu akiuliza jina hili lina maana gani, jibu sahihi ni kumuuliza yeye: kwa nani, na mwaka gani?

Nimeanza na mfano huu kwa sababu maelezo ya kawaida kuhusu majina ya miji huyapanga katika makundi manne, yaani majina ya waanzilishi, ya sura ya nchi, ya matukio na ya watakatifu. Makundi hayo yanafaa kumwanzisha mtu, na nitayafuata. Lakini jina halikai ndani ya kundi moja kwa utulivu. Huhama, huvunjika, na mara nyingi sura yake ya leo humdanganya msomaji.

Tuanze na sura ya nchi, kundi kubwa kuliko yote katika maeneo yaliyokaliwa kwa muda mrefu. Majina ya aina hii hayakuanza kama majina. Yalianza kama maelekezo. Mtu alitaka kumwambia mwenzake mahali pa kukutania au pa kuvukia, akataja kitu kinachoonekana. Amsterdam ni boma la kuzuia maji kwenye Mto Amstel. Innsbruck, nchini Austria, ni daraja la Mto Inn. Oxford ni mahali ambapo ng'ombe wa kazi waliweza kuvuka mto kwa miguu, na Frankfurt ni pale Wafranki walipovukia Mto Main. Nairobi inatokana na maneno ya Kimaasai yanayotaja maji baridi. Wafugaji waliujua mto huo na kunywesha mifugo yao kabla reli haijafika hapo mwaka 1899 na kuuzaa mji. Jina lilikuwepo tayari likiitwa na watu wengine kwa sababu nyingine, na mji ukaja kulirithi.

Angalia ni mambo gani yanayotajwa. Vivuko na madaraja yametajwa mno kuliko uzuri wa mandhari, kwa kuwa aliyehitaji jina alikuwa msafiri, mchunga mifugo au mfanyabiashara. Anayeishi mahali hana haja kubwa ya kupaita kitu. Kwake ni nyumbani tu. Jirani na mpita njia ndio wanaohitaji kupatofautisha na kwingine. Hii ndiyo sababu jina la sura ya nchi hutaja kitu kilichokuwa adimu katika eneo hilo. Penye mito kila upande, mto hautofautishi kitu, lakini sehemu moja yenye maji mafupi ya kuvukia hujulikana kwa siku nyingi za safari.

Maelekezo yana kasoro moja: hayazeeki vizuri. Ngome iliyojengwa mwaka 1080 kwenye Mto Tyne iliitwa ngome mpya, na mji wa Newcastle bado unaitwa hivyo baada ya zaidi ya miaka 900. Kisa cha Kartago ni cha kuchekesha zaidi. Wafoinike walioanzisha mji huo katika nchi ya Tunisia ya leo waliuita kwa lugha yao Mji Mpya. Watu wa Kartago nao walipojijengea mji Hispania, Warumi waliuita Kartago Mpya, ambao leo ni Cartagena. Ukitafsiri mpaka mwisho, hiyo ni Mji Mpya Mpya. Wahispania wakalichukua jina hilo hadi Amerika ya Kusini mwaka 1533 na kuanzisha Cartagena ya Kolombia. Hakuna aliyeona kichekesho, kwa sababu hakuna aliyekuwa bado anaijua lugha ya Wafoinike. Jina likishapoteza lugha yake hugeuka sauti tupu, na sauti tupu hubebwa popote.

Na sauti tupu ndiyo inayoleta matatizo, kwa kuwa watu hawapendi kuishi ndani ya sauti isiyo na maana. Huitafutia maana katika lugha wanayoijua. Nguruwe wa York alizaliwa hivyo, na dubu wa Berlin pia. Nembo ya mji wa Berlin ina dubu, na kwa Kijerumani neno la dubu hutamkwa karibu sawa na mwanzo wa jina la mji. Kila mtalii anaondoka akiamini kwamba mji uliitwa kwa ajili ya mnyama huyo. Lakini eneo hilo lilikaliwa na Waslavi kabla ya Wajerumani, na wataalamu wengi wanakubali kwamba jina linatokana na neno la Kislavi la ardhi ya kinamasi. Dubu aliwekwa kwenye nembo kwa sababu ya jina. Hakulileta yeye.

Kuna kosa jingine ambalo ni gumu zaidi kuliona, nalo linastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Mji wa Cambridge, wenye chuo kikuu mashuhuri, uko kwenye mto uitwao Cam. Jina lenyewe linaonekana kujieleza: daraja la Mto Cam. Mtu anaweza kuifunga kesi hapo, na wengi hufanya hivyo. Ila nenda kwenye maandishi ya zamani. Katika karne ya nane mwanahistoria mtawa Bede aliutaja mji ulioharibika wa mahali hapo kwa jina linaloanza na Granta. Karne zilizofuata waandishi wanaandika Grantebrycge, daraja la Granta. Hakuna Cam popote. Baada ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, watawala wapya waliokuwa wakisema Kifaransa walipata taabu na mfululizo wa konsonanti ulioanza jina hilo, na maandishi yao yanaonyesha umbo kama Cantebrigge. Baadaye n ikasogea karibu na b ikageuka m, jambo la kawaida kabisa katika vinywa vya watu. Ikawa Caumbrigge, hatimaye Cambridge.

Hapo sasa mji ukawa na jina lisilofanana tena na mto wake. Watu wakafikiri kwa mantiki iliyonyooka: ikiwa huu ni mji wa daraja la Cam, basi mto unaopita chini ya daraja bila shaka ni Cam. Wakaupa mto jina hilo. Kwa maneno mengine, mto uliitwa kwa mji, na kila anayeangalia ramani leo anaamini kinyume chake. Ushahidi bado upo juu ya ardhi, kwani sehemu za juu za mto huo zinaitwa Granta hadi leo.

Kesi hiyo inafundisha kwamba ramani ya leo si shahidi wa asili ya jina. Shahidi ni maandishi ya zamani zaidi yanayoweza kupatikana, yakipangwa kwa miaka. Ukiwa na orodha ya tahajia za mji mmoja kwa karne sita, unaweza kuona ni lini kila herufi ilibadilika na kujiuliza nani alikuwa akitawala na lugha gani ilikuwa ikisemwa. Ukiwa na tahajia moja tu, ya leo, una kisio.

Majina ya waanzilishi yanaonekana rahisi zaidi, na kwa miji iliyoundwa kwa amri ni rahisi kweli. Aleksandria ya Misri ilianzishwa mwaka 331 K.K. na Aleksanda wa Makedonia, ambaye hakukaa kuiona ikijengwa. Aliendelea na vita vyake, akafa mwaka 323 K.K., na mwili wake ndio uliokuja kulazwa huko. Zaragoza ya Hispania nayo ina jina la mtawala, ingawa huwezi kumwona kwa macho. Mfalme Augusto wa Roma aliuita mji huo Caesaraugusta. Waarabu walipoutawala walitamka Saraqusta, na Kihispania kikatoa Zaragoza. Ukisema majina hayo matatu polepole, moja baada ya jingine, utamsikia Kaisari akiyeyuka.

Mwanzilishi na mwenye jina si lazima wawe mtu mmoja. Jenerali John Forbes alipoiteka ngome ya Wafaransa huko Pennsylvania mwaka 1758, hakupaita kwa jina lake. Alipaita Pittsburgh, kwa heshima ya mwanasiasa William Pitt aliyekuwa akiendesha vita dhidi ya Wafaransa kutoka London. Pitt hakuwahi kukanyaga Amerika. Jina lilikuwa salamu kwa mkubwa, na miji mingi ya makoloni ilipata majina kwa njia hiyo: aliyekuwepo alimtukuza asiyekuwepo, akitarajia fedha, askari au cheo.

Wakati mwingine waanzilishi hawakuwa na wa kumtukuza, bali kumbukumbu tu. Mwaka 1845, huko Oregon, wanaume wawili waliomiliki kipande cha ardhi kando ya mto hawakuelewana kuhusu jina. Asa Lovejoy alitoka Massachusetts akataka Boston; Francis Pettygrove alitoka Maine akataka Portland. Wakarusha sarafu, ashindaye mara mbili kati ya tatu ndiye achague. Pettygrove akashinda, na sarafu yenyewe imehifadhiwa mpaka leo. Ukikuta mji wenye jina la mji mwingine ng'ambo ya bahari au upande wa pili wa nchi, usihangaike kutafuta bandari, kilima au shujaa. Tafuta kwao na mwanzilishi.

Kwa miji ya kale hali ni nyingine kabisa. Birmingham ni makazi ya watu wa Beorma, lakini Beorma huyo ni nani? Jina la mji ndilo kila kitu kilichobaki kwake. Huenda alikuwa chifu, huenda alikuwa babu wa ukoo. Wanahistoria hawana kaburi wala waraka wake. Muundo huo wa jina, wenye kipande chenye maana ya watu wa fulani, unatokea kwingi Uingereza, na kwa sababu unajirudia katika miji mingi tunaweza kuamini kuwa mtu alikuwepo, hata kama hatumjui.

Tatizo ni pale mtu anapotungwa kutoka kwenye jina. Kumbukumbu za Kiingereza cha kale, zilizoanza kuandikwa karne ya tisa, zinasimulia kwamba mwaka 501 mtu aitwaye Port alifika na wanawe wawili na merikebu mbili mahali paitwapo Portsmouth. Inasomeka kama historia, ina mwaka, ina idadi ya meli, ina majina ya watoto. Lakini neno la Kilatini la bandari ni portus, na Portsmouth iko kwenye mlango wa bandari ambayo Warumi waliitumia kabla ya mwaka huo. Jina linajieleza lenyewe bila Port yeyote. Wanahistoria wa leo wanaamini kwamba mtu huyo alizaliwa akilini mwa wasimuliaji waliojiuliza jina lilitoka wapi na wakajijibu kwa kuunda shujaa. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo bora cha hadithi za waanzilishi: liondoe jina la mji, uone kama mtu huyo anabaki. Aleksanda anabaki, kwa kuwa tunamjua kwa vita, sarafu na maandishi mengi. Port anatoweka mara moja.

Majina ya watakatifu nayo hudhaniwa kuwa ya aina moja, kumbe yalifika kwa njia tatu zisizofanana. Njia ya kwanza ni kaburi au kanisa. Mtu aliyeheshimiwa alizikwa mahali, mahujaji wakaja, wakahitaji malazi na chakula, na mji ukakua kuzunguka mahali hapo. St Albans ya Uingereza ilikua juu ya kilima karibu na mji wa Kirumi wa Verulamium, mahali palipoaminika kuwa Mkristo Alban aliuawa kwa ajili ya imani. Mji wa Kirumi ulibaki magofu, na matofali yake yakabebwa kujengea kanisa. Katika Iran, Imamu Ridha alizikwa mwaka 818 karibu na kijiji cha Sanabad. Leo hapo ni Mashhad, mji wenye mamilioni ya watu, na jina lake kwa Kiarabu ni mahali pa kufia shahidi. Msomaji wa Kiswahili analisikia neno shahidi ndani yake bila msaada. Sanabad imemezwa na mji uliozaliwa na kaburi.

Njia ya pili ni mlinzi wa mkubwa. Mwaka 1703 mfalme Petro wa Urusi alianzisha mji kwenye vinamasi vya Mto Neva akauita St. Petersburg. Watu husema aliuita kwa jina lake. Rasmi hakufanya hivyo: uliitwa kwa Mtume Petro, mtakatifu aliyechukuliwa kuwa mlinzi wa mfalme. Bila shaka hakuchukia kwamba jina lilikuwa moja. Mwaka 1914, vita na Ujerumani vilipoanza, jina lenye sauti ya Kijerumani likageuzwa Petrograd, na katika mabadiliko hayo mtakatifu akaachwa nje. Mwaka 1924, baada ya kifo cha Lenin, ukawa Leningrad. Mwaka 1991 wakazi walipiga kura kurudisha jina la kwanza. Jambo linalowachanganya wageni ni kwamba mkoa unaouzunguka mji huo haukubadilishwa. Bado unaitwa Leningrad.

Njia ya tatu ndiyo yenye utamu kwa mpelelezi, nayo ni kalenda. Mabaharia wa Hispania na Ureno walisafiri na kalenda ya Kanisa, ambamo karibu kila siku ina mtakatifu wake. Walipoona rasi, ghuba au mto usio na jina kwenye ramani zao, walipapa jina la siku hiyo. Haidhuru kwamba wenyeji walikuwa na majina yao tayari. Kundi la meli za Pedro Menéndez de Avilés liliiona pwani ya Florida tarehe 28 Agosti 1565, siku ya Mtakatifu Augustino, na makazi waliyoanzisha yakaitwa San Agustín, leo St. Augustine. Augustino mwenyewe alikuwa askofu wa Hippo, katika Algeria ya sasa, karne nyingi kabla Mzungu yeyote hajaisikia Florida. Hakuna uhusiano wowote kati yake na mahali hapo isipokuwa tarehe.

Chukua bandari moja ya California uone kazi ya kalenda hiyo. Tarehe 28 Septemba 1542 nahodha Juan Rodríguez Cabrillo aliingia kwenye ghuba iliyofungika vizuri akaiita San Miguel. Siku iliyofuata, tarehe 29, ilikuwa sikukuu ya Malaika Mikaeli. Kisha miaka 60 ikapita. Novemba 1602 akaja Sebastián Vizcaíno, aliyetumwa kuchora ramani ya pwani. Aliingia ghuba hiyohiyo tarehe 10, na tarehe 12 watu wake wakasali misa pwani kwa ajili ya San Diego wa Alcalá, mtawa wa Kihispania aliyetangazwa kuwa mtakatifu mwaka 1588. Akaibadilisha San Miguel ikawa San Diego. Kalenda inaeleza jambo hilo vizuri, lakini meli kuu ya Vizcaíno nayo iliitwa San Diego. Jina lilikuwa na sababu mbili kwa wakati mmoja, na hakuna haja ya kulazimisha moja ishinde. Mji wenyewe haukuwepo bado. Wahispania walianza kukaa hapo mwaka 1769, wakakuta jina linawasubiri kwa miaka 167.

Kwa hiyo mtu akikutana na jina la mtakatifu kwenye pwani iliyofikiwa na mabaharia hao, hatua ya kwanza si kusoma maisha ya mtakatifu. Ni kutafuta tarehe ya kufika na kuilinganisha na kalenda ya wakati huo, kwa sababu sikukuu kadhaa zimehamishwa tangu siku hizo na kalenda ya leo inaweza kukupotosha. Tarehe zikikaribiana, umepata. Zisipokaribiana, angalia jina la meli, jina la mfalme aliyekuwa madarakani na mtakatifu wake. Rio de Janeiro ina mchanganyiko wa hayo yote. Wareno waliifikia ghuba hiyo Januari 1502 na jina likawa Mto wa Januari, ijapokuwa mahali hapo ni ghuba ya bahari na mto wa jina hilo haupo. Mji ulipoanzishwa mwaka 1565 uliwekewa mbele jina la Mtakatifu Sebastiani, ambaye pia alikuwa wajina wa mfalme wa Ureno, Sebastião. Watu wakaona jina ni refu. Waliacha mtakatifu na mfalme, wakabaki na mwezi na mto usiokuwepo.

Yamebaki matukio, nami sitayakalia sana. Ni kundi dogo kuliko sauti yake. Yapo yaliyothibitika. Yathrib iliitwa Madina, mji wa Mtume, baada ya Hijra ya mwaka 622. Mji wa Battle, kusini mwa Uingereza, ambao jina lake ni pigano, ulikua kuzunguka monasteri iliyojengwa na William mshindi kwenye uwanja wa vita vya mwaka 1066. Ajabu ni kwamba vita vyenyewe vinaitwa kwa jina la Hastings, mji ulioko kama kilomita 10 kutoka hapo. Na mchimbaji Ed Schieffelin, alipokwenda kutafuta madini jangwani Arizona mwaka 1877, alionywa kwamba kitu pekee atakachokipata ni jiwe la kaburi lake. Alipata madini ya fedha, akaliita dai lake la kuchimba Tombstone, yaani jiwe la kaburi, na mji ukafuata.

Mifano hii mitatu ina kitu kimoja kwa pamoja: ama tukio liliandikwa karibu na wakati wake, ama aliyetoa jina anajulikana. Hadithi nyingi za matukio hazina hata kimoja. Zinasimulia kwamba mfalme alipita akasema neno fulani, au msafiri alichoka akalia, au watu wawili walijibizana, na maneno yao yakawa jina la mji. Zina dalili mbili zinazozisaliti. Kwanza, maneno ya mfalme huwa katika lugha inayosemwa leo, wakati jina ni la kale kuliko lugha hiyo mahali pale. Pili, hadithi inaeleza sura ya sasa ya jina, herufi kwa herufi, na inanyamaza kabisa ukiionyesha tahajia ya zamani. Hadithi ya dubu haielezi kinamasi. Hadithi ya Mto Cam haielezi Granta.

Yapo pia majina ambayo yamekataa kila funguo. London ni mmoja wa miji iliyochunguzwa kuliko yote duniani. Umbo la Kirumi, Londinium, linajulikana tangu karne ya kwanza, na mwanahistoria Tasito alilitaja alipoandika kuhusu uasi wa malkia Boudica wa miaka ya 60. Katika karne ya 12 Geoffrey wa Monmouth aliandika kwamba mji uliitwa kwa mfalme Lud. Lud anatoweka kwa kipimo kilekile kilichomwondoa Port. Wataalamu wa lugha wamependekeza mto, mtu, kabila, na lugha ya zamani kuliko ya Waselti. Kila pendekezo linakwama kwenye silabi moja au nyingine, na kamusi za majina ya mahali, zikifika hapo, huandika kwamba asili haijathibitika kisha huendelea na mji unaofuata.